Umejuaje? Hotuba kuhusu salamu za siku ya kuzaliwa zisizo na mwenyewe

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini, jioni, mbele ya walimu, vijana na wazazi. Tumeiandika yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha, ila meseji zilizosomwa ukumbini zimo humu neno kwa neno.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Mtwara! (Kuchele!) Na wenzetu mliotoka Lindi, Masasi na Newala, karibuni, poleni na safari.

Naomba niwasomee meseji moja. Sikilizeni vizuri, kisha mniambie imeandikwa kwa nani.

"Heri ya siku ya kuzaliwa mjomba wangu kipenzi!!! Wewe ni mtu wa kipekee sana, mwenye upendo, mkarimu na mwenye roho nzuri!!! Nakutakia maisha marefu yenye furaha, amani, afya njema na baraka tele! Mungu azidi kukubariki na akupe haja ya moyo wako!!! Furahia siku yako!!!"

Imeandikwa kwa nani? Kwa mjomba, mnasema. Haya, liondoeni neno mjomba, muweke shangazi. Imeharibika? Haikuharibika. Wekeni mwalimu wangu. Inakwenda. Wekeni bosi, wekeni jirani, wekeni fundi aliyekushonea suruali mwaka juzi. Inakwenda. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachotaka mwondoke nacho leo, na hakihitaji elimu yoyote: badili jina. Salamu ikikubali jina la mtu mwingine bila kulalamika, jua hujamwandikia mtu, umejaza fomu.

Na huyu ni mjomba, jamani. Hapa kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao tangu zamani ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ni mtu mzito. Ndiye aliyeitwa kwenye mahari, ndiye aliyeitwa kwenye ugomvi. Mtu wa namna hiyo anatimiza miaka sitini, mpwa wake anampelekea fomu.

Sasa tuifungue meseji hii tuone imeharibikia wapi. Tutembee nayo taratibu, kwa sababu makosa yake ndiyo makosa ya meseji zetu nyingi.

Tuanze na sifa. Mle ndani mna sifa nne: wa kipekee, mwenye upendo, mkarimu, mwenye roho nzuri. Zote nzuri. Zote kweli, pengine. Lakini kila moja nitaiuliza swali lile lile, na nawaomba mlishike swali hili: umejuaje?

Mjomba ni mkarimu. Umejuaje? Hapo ndipo mpwa ananyamaza kidogo, anaangalia juu, halafu anasema: "Mwaka 2010 nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza, mjomba aliuza magunia mawili ya korosho nikapata ada." Mmesikia? Enzi hizo ada ya sekondari za serikali ilikuwa bado inalipwa, haikuondolewa mpaka 2016. Shule zinafunguliwa Januari, fedha ya korosho ndiyo kwanza imeingia, na nyumba nzima inaisubiri. Katika fedha hiyo mjomba akatenga magunia mawili ya mtoto wa dada yake. Hiyo yote ilikuwa imelala chini ya neno moja, mkarimu, na neno limeifukia. Kila sifa tunayompa mtu ilizaliwa na tendo. Sifa tupu inafaa fomu za wakaguzi. Mwenye siku yake anataka tendo, kwa sababu tendo linamwambia: ulipofanya lile, mimi nilikuona.

Na lugha yetu imetupa zana ya kazi hii, sijui kwa nini tunaiacha sandukuni. Chukueni neno "ulinilipia". Neno moja tu. Lipasueni: u, ni wewe. Li, wakati uliopita. Ni, mimi. Lip, tendo lenyewe. I, kwamba lilifanywa kwa ajili yangu. Mtu aliyetenda, mtu aliyetendewa, wakati na nia, vyote vimekaa ndani ya neno moja. Mkarimu amebeba nini? Hana wakati, hana aliyetendewa. Ndiyo maana nasema, ukitaka salamu yako iwe na mwenyewe, punguza vivumishi, ongeza vitenzi vyenye "ni" ya mimi ndani yake: ulinilipia, ulinisubiri, ulinifundisha, ulinifichia, ulinicheka ukanipa yako. Kitenzi cha namna hiyo hakikubali kukopiwa na mtu mwingine, maana hakumtokea yeye.

Mtu ataniuliza, niweke matendo mangapi? Moja. Nasisitiza, moja. Ukiweka matano, ukayapanga kwa miaka, ukaanza na "alizaliwa" ukamalizia na "ameacha", hapo umeandika wasifu wa marehemu. Mnacheka, lakini zipo salamu za siku ya kuzaliwa ambazo mtu akizisoma anajishika kifuani kuona kama bado anapumua. Tendo moja, dogo, la kweli.

Na dogo maana yake dogo. Si lazima mtu awe amekulipia ada. Tumfikirie dada anayeuza pweza pale feri, ambaye kila siku ukisubiri pantoni ya Msangamkuu anakukatia kipande cha kuonja kabla hujanunua. Kundi la mtaa lina watu arobaini. Siku yake imefika, wa kwanza ameandika "Heri ya kuzaliwa dada yetu, maisha marefu yenye furaha na baraka tele". Wa pili amekopi. Wa tatu amekopi akaongeza keki. Kufika wa nane, yule dada hasomi tena, kidole kinapandisha tu. Halafu anatokea mmoja anaandika: "Dada, kile kipande cha kuonja kimenifanya nichelewe pantoni mara ngapi mwaka huu? Hongera kwa siku yako." Mnadhani ni ipi ataijibu? Wale wengine watapata "asanteni wote, amina". Huyu atajibiwa peke yake, na pengine atatukanwa kwa upendo.

Hapo tumeshaingia kwenye misemo inayojirudia. Rudini kwenye meseji ya mjomba mhesabu pamoja nami. "Siku ya kuzaliwa", halafu mwishoni "siku yako". Furaha, halafu "furahia". Baraka tele, halafu "azidi kukubariki". Kipenzi, halafu "mwenye upendo". Mkarimu, halafu "roho nzuri". Mwandishi huyu amesema mambo matano tu, kila moja mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu alihisi meseji ni fupi, na fupi akaiona kama dharau. Akaijaza. Ninamwelewa kabisa. Lakini meseji haijazwi kwa maneno, na msomaji anahisi ujazo ule kama anavyohisi mchanga kwenye wali.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu. Baada ya kusikia haya wapo watakaotoka na fikra kwamba dua ni msemo wa kukopi, tuuache. Hapana. Dua hurudiwa, ndivyo ilivyo, na mzee wa kwetu asiyeombewa dua siku yake atajiuliza mtoto huyu amelelewa na nani. Kosa ni dua iliyosimama peke yake, haijui inamwombea nani. Dua inayoijua kazi ya mtu ina uzito mwingine kabisa. Mvuvi wa Msimbati anatoka usiku, anarudi alfajiri. Mwandikie "Mungu akurudishe pwani kila asubuhi". Shangazi anayelalamikia magoti, mwandikie "Mungu akupe magoti ya kupanda tena kilima cha kisimani". Hii ni dua ile ile ya afya njema. Tofauti ni kwamba afya njema haina goti, na shangazi anayo mawili yanayouma.

Sasa alama za mshangao. Katika meseji ya mjomba ziko ngapi? Kumi na tatu. Nimezihesabu mara mbili. Sentensi ni tano, alama kumi na tatu.

Alama ya mshangao ina kazi yake katika Kiswahili, na ni kazi ya heshima. Inakaa baada ya viingizi: Lo! Ala! Salaale! Inakaa kwenye amri ya haraka na kwenye jambo lisilotarajiwa. Msomaji akiiona, sauti yake ya ndani inapanda. Sasa ukiiweka kila mahali, inapanda wapi? Mtu anayepaza sauti toka "shikamoo" mpaka "kwaheri" hujui ni lipi hasa lililomshangaza. Na zikiwa tatu tatu jambo linazidi kuwa baya, kwa sababu msomaji anaanza kupima: sentensi yenye tatu na ile yenye moja, je, hii ya moja haikutoka moyoni? Tazameni pale kwenye "baraka tele" ilipo alama moja tu. Inaonekana kama amechoka.

Lugha yetu inasisitiza bila alama. Inasisitiza kwa kuhamisha neno. Nikisema "sijasahau magunia ya korosho", nimetoa taarifa. Nikisema "magunia ya korosho sijayasahau", kuna kitu kimetokea, si ndiyo? Magunia yametangulia mbele, halafu nimeyarudia ndani ya kitenzi kwa ile "ya". Yametajwa mara mbili bila msomaji kuchoshwa, na msisitizo umekaa palepale nilipoutaka. Nawaomba mjaribu hili leo usiku kwenye salamu yoyote: kitu kile unachokumbuka kitangulize mbele, kitenzi kikifuate na kiambishi chake. "Ile baiskeli uliyoniazima sijaisahau." "Maneno yale uliyoniambia kituoni nimeyashika." Ukishafanya hivyo utaona alama ya mshangao inakosa pa kukaa, na usiilazimishe.

Kanuni ninayoishika ni alama moja kwa meseji nzima, na iwekwe pale ambapo ungepaza sauti kweli kama mngekuwa mmekaa kibarazani. Kama huoni mahali hapo, usiweke. Nukta inatosha. Nukta haijawahi kumkasirisha mjomba.

Niongeze jambo la kiufundi kwa sababu wajomba wengi wa vijijini wanatumia kitochi, na salamu inafika kwa meseji ya kawaida. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ukihesabu nafasi na nukta. Ukiingiza imoji hata moja, simu inabadili namna ya kuandika meseji nzima, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Kwa hiyo meseji ya herufi 158, ambayo ilikuwa moja, ukiipachika keki mwishoni inakuwa meseji tatu kwenye kifurushi chako, na kwenye kitochi cha mjomba ile keki mara nyingi huonekana kijisanduku kitupu. Hata ng' yetu ina mtego: ukiandika "ming'oko" kwa alama iliyonyooka, hakuna shida. Ukikopi kutoka mahali ambapo alama ile imepinda, inafanya vilevile kama imoji. Mtu anashangaa kifurushi kimekwenda wapi, kumbe kimeliwa na koma ya juu.

Jambo ninaloliona zito kuliko yote nimelibakiza hapa, na nawaomba mnitulizie kidogo.

Salamu ya kukopi haimjui mtu, na asiyemjua mtu anaweza kumuumiza. Tumchukulie mama mmoja wa Mikindani. Mumewe alifariki mwezi wa pili. Siku yake ya kuzaliwa iko mwezi wa tano. Hesabuni. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Mama huyu yuko ndani ya eda, hajipambi, hatoki kwa starehe. Simu inalia, anafungua: "Malkia wetu, leo ni siku yako, vaa upendeze, cheza mpaka asubuhi!!! Wewe na mumeo Mungu awazidishie upendo!!!" Aliyetuma si mtu mbaya. Ameichukua salamu ileile aliyompelekea rafiki yake wiki iliyopita, akabadili jina, basi. Na kuna ile nyingine inayopendwa sana huku, "uishi uje uwaone wajukuu wa wajukuu zako". Umeituma kwa nani? Yupo dada ana miaka arobaini, anatafuta mtoto mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila mwaka watu ishirini wanamkumbusha kwa alama tatu tatu za mshangao.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize mwaka huu wake umekuwaje. Amefiwa? Ameugua? Korosho zimempa, au mwaka huu mikorosho imeshikwa na ukungu akaambulia patupu? Kama mwaka ulikuwa mgumu, usijifanye hujui. Kwa yule mama wa Mikindani, ningeandika hivi: "Shikamoo mama. Najua siku hii mwaka huu imekuja mzee hayupo. Jumapili baada ya alasiri nakuja, tukae tu. Mungu akupe subira." Hakuna keki mle, hakuna heri. Lakini meseji imeitambua siku yake, na haikumdai furaha ambayo hana.

Na hapo mnaona mpaka wa lile tendo nililolisifu. Mbele ya kundi la ukoo usitaje jambo ambalo mwenyewe asingelisimulia hadharani. Deni, ugonjwa, ugomvi wa ndoa aliokusuluhishia, hayo ni ya meseji ya pembeni. Kipimo changu ni rahisi: angelisimulia mwenyewe kwenye mkeka, mbele ya wakwe? Kama ndiyo, weka kwenye kundi.

Yapo masalia ya kukopi ambayo nitayapita haraka kwa sababu yanatibika kwa dakika moja. Kiswahili hakina yeye wa kike na yeye wa kiume, kwa hiyo meseji ya dada inaingia kwa kaka bila kuonyesha mshono, mpaka mstari wa mwisho unapomwita "mrembo". Soma mpaka mwisho kabla ya kutuma. Vinyota vya kukolezea maandishi vya WhatsApp, ukivihamishia kwenye meseji ya kawaida, vinabaki vinyota. Na ukiisambaza badala ya kuiandika, WhatsApp yenyewe inaweka neno Forwarded juu yake, tangu mwaka 2018. Mtu anaona kwa macho kwamba upendo huu umetoka kwingine.

Sasa turudi kwa mjomba, tumalize kazi yetu. Tumeondoa sifa nne, tumeweka tendo moja. Tumeondoa marudio. Kati ya dua mbili tumebakiza moja, tumeisogeza mwisho, na kabla yake tumeweka jambo ambalo mpwa atalifanya, kwa sababu salamu yenye ahadi ndogo na tarehe yake haifanani na nyingine yoyote. Ahadi yenyewe tumeichagua kwa msimu: korosho zinaanza kuokotwa kama Oktoba, kwa hiyo chini ya mikorosho pasafishwe kabla, na mjomba wa miaka sitini kupalilia kwa jembe si mchezo. Imetoka hivi:

"Shikamoo mjomba. Umetimiza sitini. Magunia mawili ya korosho ya ada yangu ya kidato cha kwanza sijayasahau. Septemba nakuja, nitapalilia mimi. Mungu akutunze."

Herufi 158. Meseji moja. Alama za mshangao, hakuna. Sasa badilini jina. Wekeni bosi. Wekeni jirani. Haikubali, inagoma, kwa sababu magunia yale yana mwenyewe. Na sikilizeni lile neno "mimi" pale kwenye nitapalilia mimi. Ukilitoa, sentensi bado ni sahihi kisarufi, lakini jembe linakuwa halijahama mkono. Ukilibakiza, umeliondoa mkononi mwa mjomba.

Najua swali linalokuja, nimeliona kwenye nyuso: je, kama mtu mwenyewe simjui kiasi hicho? Mwenzangu wa kazini, tunasalimiana tu? Basi andika kifupi, na usijifanye unamjua. Sifa kubwa kwa mtu usiyemjua ndizo zinazonuka fomu kuliko zote. Chukua kitu kimoja cha wiki hii mlichokishiriki kweli, hata kiwe cha ofisini. Kwa mfano: "Hongera kwa siku yako, mwalimu. Madaftari ya kidato cha pili niachie leo, wewe nenda nyumbani saa tisa."

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Kipaza sauti kipite kwa yule mama aliyeinua mkono pale nyuma, na kila mwenye meseji aliyoipokea au aliyotaka kuituma aje nayo hapa mbele, tuisome na kuirekebisha pamoja.